Oda Kubwa kwa Bei ya Chini: Ukubali au Ukatae?

Simu inalia saa nne asubuhi. Mtu usiyemjua anasema kuna kongamano la vijana katika shule moja karibu na bekari yako. Watakaa wiki mbili na wanahitaji mikate 150 kila siku, Jumatatu hadi Jumamosi. Habari njema. Halafu anataja bei: shilingi 43 kwa mkate. Wewe vibanda unavyoviuzia kila siku vinalipa 55. Unajikuna kichwa. Ukikubali unaona kama umejidhulumu, na ukikataa unaiona oveni yako ikikaa baridi mchana kutwa.

Swali hili tunaulizwa mara nyingi na wateja wetu wanaopokea malipo kwa tili. Wenye bekari wanauliza, mafundi wa nguo wanauliza, hata wenye matangi ya maji ya kukodisha. Jibu lina sehemu mbili. Ya kwanza ni hesabu, na si ngumu. Ya pili ni ya watu, na hiyo ndiyo huwaangusha wengi ambao hesabu yao ilikuwa sawa kabisa.

Tutumie hiyo bekari kama mfano. Namba zake tumezitunga ili hesabu ionekane vizuri, kwa hivyo weka zako unaposoma.

Oveni ya bekari hii inaoka mikate 50 kwa mzunguko mmoja, na kwa siku ya kazi inaweza kuzunguka mara 10. Hiyo ni mikate 500. Inayouzwa ni wastani wa 350 kwa siku, kwa vibanda 14, kila kibanda kikichukua kama 25. Mkate mmoja wa gramu 400 unakula unga wa shilingi 20, sukari, mafuta na hamira za 7, karatasi ya kufungia ya 3 na gesi ya 3. Ongeza shilingi 2 hivi za kodi ya mauzo na ada ya kupokea malipo. Jumla ni 35. Pesa hizi hutoka mkate unapookwa na kuuzwa. Usipooka, hazitoki.

Kuna gharama nyingine ambazo hazijali umeoka mikate mingapi. Kodi ya nyumba ni 25,000 kwa mwezi, mishahara ya wafanyakazi watatu ni 54,000, boda wa kusambaza mikate asubuhi ni 13,000, halafu mlinzi, stima, maji na leseni ni 17,200. Jumla ni 109,200. Kwa siku 26 za kazi bekari inauza mikate 9,100, kwa hivyo kila mkate unabeba shilingi 12 za gharama hizi. Thelathini na tano ukijumlisha na kumi na mbili unapata 47. Ukiuza 55, faida ni 8.

Hapa ndipo wengi hukataa oda. Wanasema, "Mkate unanigharimu 47, huyu ananipa 43, nitapata hasara ya bob nne kwa kila mkate." Maneno hayo yanaonekana ya busara lakini yana kosa. Zile shilingi 12 tayari zimelipwa na vibanda. Mwenye nyumba hataongeza kodi kwa sababu kongamano limekuja, na mlinzi atalipwa kile kile. Kwa oda hii swali linalofaa ni moja: ni pesa gani mpya zitatoka mfukoni kwa sababu ya mikate hii 150, na ni pesa gani mpya zitaingia?

Zitakazotoka ni hizi. Unga, viungo, karatasi na gesi ni 33, kama kawaida. Kodi ya mauzo na ada ya malipo zitakuwa karibu 1.50, kwa kuwa zinafuata bei na bei imeshuka. Hapa tuseme neno moja, maana watu husahau: kodi ya mauzo ya KRA ya asilimia 3, kwa wale ambao mauzo yao kwa mwaka yako kati ya milioni 1 na milioni 25, hukatwa kwenye mauzo yote, si kwenye faida. Hata oda yenye faida ndogo sana inailipa. Mwisho ni boda wa pili wa kupeleka mikate shuleni, shilingi 300 kwa siku, sawa na 2 kwa mkate. Jumla ni 36.50.

Zinazoingia ni 43. Kila mkate unakuachia 6.50. Mikate 150 kwa siku 12 ni 1,800, kwa hivyo unabaki na 11,700 ambazo usingezipata oveni ikikaa bure. Kwa hesabu hii, oda inafaa.

Lakini ngoja kidogo. Je, nafasi ipo kweli?

Tulisema wastani wa mauzo ni 350. Wastani huficha mambo. Ukifungua stetimenti ya tili yako na kuangalia malipo siku kwa siku, utaona kwamba siku nyingi vibanda vinachukua 330, ila Ijumaa vinachukua 450 kwa sababu watu wanajitayarishia wikendi. Siku za kawaida una nafasi ya mikate 170, na oda inaenea vizuri. Ijumaa una nafasi ya 50 tu. Ukiipa shule 150, vibanda vitakosa mikate 100. Kila mkate wa kibanda hukuachia shilingi 20, yaani 55 ukitoa 35. Ijumaa moja ni hasara ya 2,000, na wiki mbili zina Ijumaa mbili. Faida yako inashuka kutoka 11,700 hadi 7,700. Hapo bado hujahesabu kwamba kibanda kikikosa mkate Ijumaa, kitaujaribu mkate wa jirani yako, na pengine kitaupenda.

Njia iliyo nafuu ni kuwabakisha wafanyakazi kwa saa za ziada Ijumaa waoke mizunguko miwili zaidi. Tuseme ovataimu ni 1,000 kwa usiku mmoja. Kwa Ijumaa mbili ni 2,000, na unabaki na 9,700. Au umwombe mteja wa kongamano achukue mikate 50 tu siku ya Ijumaa. Mara nyingi mtu aliyepewa bei nzuri hukubali sharti dogo kama hilo, ila umwambie kabla ya kuafikiana, si Alhamisi jioni.

Basi tushike hiyo 9,700. Ndiyo pesa yote ya dili hili. Ikumbuke, kwa sababu sasa tunaingia upande wa watu.

Siku ya nne ya kongamano, mwenye kibanda mmoja anakuja kuchukua mikate yake. Mpwa wake anapika kule shuleni. Ameona ujumbe wa malipo kwenye simu ya mweka hazina: jina la biashara yako na shilingi 6,450. Ujumbe hausemi mikate ni mingapi, lakini mpishi anajua idadi, maana ndiye anayeikata asubuhi. Kugawanya 6,450 kwa 150 hakuhitaji chuo kikuu. Mwenye kibanda anakuangalia usoni na kusema, "Mama, mimi nimenunua kwako miaka mitatu. Wageni unawapa 43, mimi wa kila siku 55?"

Ana haki ya kuuliza. Na kufikia jioni, kikundi cha WhatsApp cha wenye vibanda kitakuwa kinauliza naye.

Hebu tuone ukilegea kidogo tu inakuwaje. Vibanda vyako vyote vinanunua mikate 9,100 kwa mwezi. Kila shilingi moja unayowapunguzia inakutoa karibu 9,100 kila mwezi. Yaani bob moja tu kwa wote, na kwa muda wa mwezi mmoja na siku kadhaa faida yote ya kongamano imekwisha. Kongamano litakuwa limefungwa zamani, lakini bob hiyo itaendelea kutoka mwezi wa pili, wa tatu, wa kumi. Bei ikishashuka, kuipandisha ni vita.

Labda utasema hutawapunguzia wote, ni yule mmoja aliyelalamika tu. Tuseme umempa 52. Anachukua mikate 25 kwa siku, siku 26, punguzo la shilingi 3. Hiyo ni 1,950 kwa mwezi. Ndani ya miezi mitano kibanda kimoja kimekula faida yote ya oda. Na wale 13 wengine hawajajua bado.

Na ukiwapa wote ile 43? Kila mkate utabaki na karibu 8.50 ukitoa gharama zake za 34.50, wakati kodi ya nyumba na mishahara inahitaji 12. Utakuwa unapoteza karibu shilingi 31,850 kila mwezi huku wateja wako wote wakikusifu. Bei ya 43 ilikuwezekana kwa sababu moja tu, kwamba wengine walikuwa wanalipa 55.

Kwa hivyo kabla ya kusema ndiyo, jiulize hivi: wakijua, nitawajibu nini? Tunasema wakijua, kwa sababu kutegemea siri ni kujidanganya. Boda anajua, mwokaji anajua, na mteja mwenyewe atajisifu. Unahitaji jibu ambalo unaweza kulitoa mbele ya watu wote bila kuona haya, na jibu hilo linatengenezwa wakati wa kupatana oda, si baada ya kubanwa.

Jibu linatokana na masharti. Fikiria kibanda kinapata nini kwa 55. Kinaletewa mikate mlangoni saa kumi na moja asubuhi. Kinachukua leo na kulipa kesho au kesho kutwa. Mikate isiyouzwa inarudi kwako. Kinaweza kuagiza 20 leo na 30 kesho. Huduma hizo zote ziko ndani ya ile bei, ingawa huziandiki kwenye risiti. Sasa mpe mteja wa oda mkataba usio na hata moja ya hizo. Alipe kwenye tili jioni kabla hujawasha oveni. Achukue 150 kwa mpigo, zisipungue. Hakuna kurudisha. Ikiwezekana aje kuchukua mwenyewe, na hapo unaokoa zile 2 za boda. Mwandikie tarehe ya mwisho. Mwenye kibanda akija, unamwambia bila kuyumba: "Hiyo bei ni ya anayelipa jana yake, anachukua mia na hamsini, na harudishi hata mmoja. Ukiweza masharti hayo, karibu." Wengi watafikiria zile siku zao za mvua walizorudisha mikate tisa, na watanyamaza.

Kama unaweza, ubadilishe na bidhaa yenyewe. Mkate usiokatwa, kwenye karatasi isiyo na jina lako, ni vigumu kuulinganisha na ule wa kibandani. Faida nyingine ni kwamba hautauzika kirahisi kwenye rafu. Hiyo si hofu ya bure. Kuna wanunuzi wa oda kubwa wanaochukua 150, wanakula 110, na 40 wanaipeleka dukani kwa 50. Sasa mkate wako mwenyewe unashindana nawe, na kibanda chako kimepata msambazaji wa bei nafuu ambaye ni wewe. Dalili yake huonekana mapema kwenye stetimenti. Kibanda kilichokuwa kinatuma malipo ya mikate 25 kinaanza kutuma ya 15, wiki ile ile ya oda, na hakuna mtu aliyefungua duka jipya pale karibu. Dalili nyingine ni mteja anayetuma pungufu, 1,250 badala ya 1,375, halafu anapiga simu kusema "hiyo nyingine tutaongea". Huyo amesikia kitu. Mpigie siku hiyo hiyo, kwa sababu ukinyamaza mara tatu, 50 imekuwa bei yake.

Kuna mtego mmoja ambao wajanja huutumia. Ukisema bei ya 43 ni ya atakayechukua 150, vibanda sita vinaweza kuungana kama chama, vikachukua 150 kwa jina moja na kugawana barabarani. Masharti yako yote wametimiza. Ukikubali umekwisha, kwa sababu mikate hiyo si mauzo mapya. Ni ile ile uliyokuwa unawauzia kwa 55. Hesabu yetu ya mwanzo ilisimama juu ya neno moja, midomo mipya. Vijana wa kongamano hawangenunua kwenye vibanda vyako. Kama wangenunua, mfano shule iko mita hamsini kutoka vibanda vitatu vyako, basi hata oda ya kongamano yenyewe ingekuwa inakula mauzo yako, na ungepaswa kuitoa kwenye hesabu kwa shilingi 20 kwa kila mkate unaopotea.

Kwa chama hicho jibu zuri linaweza kuigwa kutoka kwa kampuni ya stima. Desemba 2017 Kenya Power ilianza kuwapa wateja wakubwa wa viwanda na biashara nusu bei ya uniti wanazotumia saa za usiku ambapo mitambo ina nafasi. Lakini punguzo halikuwa la kila uniti. Lilianza pale mteja alipovuka kiwango chake cha kawaida. Kiwanda hakikulipwa kwa kutumia stima ambayo kingetumia tu.

Fanya hivyo hivyo na vibanda. Fungua stetimenti, tafuta kila kibanda huchukua mikate mingapi kwa kawaida, na useme: 25 ya kwanza ni 55, kila unaoongeza juu ya hapo ni 47, na hiyo ya ziada hairudishwi. Mikate ya ziada bado inakuachia karibu 12 kila mmoja, karibu maradufu ya ile 6.50 ya kongamano. Mwenye kibanda amepata kitu cha kushika mkononi, hakuondoka amenuna. Nawe hujagusa zile 9,100 zinazolipa kodi ya nyumba. Sharti la kutorudisha usilisahau. Bila hilo atachukua 35, atapata punguzo, na kesho atakurudishia kumi. Na usiitoe Ijumaa, siku ambayo nafasi haipo.

Je, kuna wakati wa kukataa oda ambayo hesabu yake inakubali? Upo, na si nadra. Kama wateja wako wa kawaida ni wachache na wakubwa, mfano supamaketi mbili zinazochukua robo tatu ya mikate yako, mmoja wao akijua una bei ya 43 hatabishana nawe kuhusu masharti. Atakuambia umpe 48 au amtafute mwingine. Hapo 9,700 ni pesa ndogo sana kuhatarisha. Bekari yenye vibanda 14 vidogo, na kongamano lililo mji mwingine ambako hauzi, ina nafuu zaidi. Umbali ni ukuta mzuri kuliko siri.

Pia uangalie kama mteja huyu ataondoka kweli. Kongamano lina mwisho. Mkahawa wa chuo hauna. Mteja wa kila siku akianza kwa 43 atakaa kwa 43, na mwakani ukipata vibanda vipya sita vya 55, oveni itakuwa imejaa mikate ya bei rahisi. Oda isiyo na tarehe ya kwisha usiihesabu kama ya nafasi tupu. Huyo ni mteja wa kawaida, na bei yake lazima ichangie kodi na mishahara kama ya wengine, ianze juu ya 47.

Kwa upande wa malipo, tunapendekeza oda kama hii ipokelewe kwenye tili tofauti na ile ya vibanda. Si kwa ajili ya kuficha. Ni kwamba malipo ya 6,450 yakichanganyika na ya 1,375, mwisho wa mwezi hutaweza kuona kwa haraka kama vibanda vimepungua. Zikiwa mbali, linganisha jumla ya tili ya vibanda wiki mbili kabla ya oda, wiki mbili za oda, na wiki mbili baada ya oda. Ikiwa ile ya baada imeshuka na haipandi, keti chini na stetimenti, mteja mmoja mmoja, utafute nani amepunguza na tangu siku gani. Anza na yule ambaye mpwa wake anapika shuleni.